Ijumaa ya tatu: nani anashika bei, opsheni au mifuko ya fahirisi?

Kila Ijumaa ya tatu ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, mambo mawili makubwa hukutana kwenye soko la hisa la Marekani. Opsheni za hisa za mwezi huo, yaani mikataba inayompa mtu haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa, zinaisha muda wake. Siku hiyohiyo, kengele ya kufunga inapolia, mifuko inayofuata fahirisi ya S&P 500, yaani orodha ya kampuni kubwa za Marekani, inalazimika kupanga upya hisa zake zilingane na orodha mpya itakayoanza kutumika Jumatatu. Wiki hiyo wafanyabiashara wa mtandaoni husambaziana utabiri uleule, wakiwemo wa Nairobi na Dar es Salaam wanaokesha hadi saa tano au saa sita usiku kusubiri New York ifunge. Hisa fulani, wanasema, itafunga dola mia kamili, kwa sababu mikataba mingi ya opsheni imerundikana kwenye mia.

Kuna wakati inakuwa hivyo kweli. Lakini utabiri huo unachanganya nguvu mbili zisizofanana. Nguvu ya opsheni inaiangalia bei: bei ikipanda inauza, ikishuka inanunua, na idadi ya hisa inazoweza kuuza au kununua ina mwisho. Nguvu ya mifuko ya fahirisi haiangalii bei hata kidogo. Inataka idadi fulani ya hisa kwa bei ya kufunga, iwe bei yoyote ile. Kwa hiyo anayetaka kujua kama namba ya mviringo itaishikilia bei au itavunjwa, kwanza azibadili nguvu zote mbili ziwe idadi ya hisa, kisha azilinganishe. Watu wengi wanaishia kuhesabu mikataba tu, na ndiyo maana Ijumaa kama ya tarehe 18 Desemba 2020, Tesla ilipokuwa ikiingia kwenye fahirisi, huwakuta bila kinga.

Bei inavyonaswa

Tuanze na opsheni, kwa mfano wa kubuni lakini wenye hesabu halisi. Hisa inauzwa karibu na dola 100. Kwa siku moja ya kawaida husogea takriban dola 2 juu au chini. Watengeneza soko, yaani kampuni zinazokaa sokoni siku nzima tayari kununua na kuuza opsheni kwa yeyote, wamenunua kutoka kwa wateja opsheni 20,000 zinazowapa haki ya kununua hisa hiyo kwa bei ya mkataba ya dola 100. Kila mkataba ni hisa 100, kwa hiyo tunazungumzia hisa milioni 2.

Mtengeneza soko hachezi kamari ya bei kupanda. Faida yake iko kwenye tofauti ndogo kati ya bei ya kununulia na ya kuuzia, na kila mara anajikinga. Kwa kuwa ana opsheni za kununua, anauza hisa kwa kukopa, kiasi kinacholingana na uwezekano wa opsheni zake kuishia na thamani. Hisa ikiwa dola 100 kamili uwezekano huo ni kama nusu kwa nusu, basi atakuwa ameuza hisa milioni moja hivi. Bei ikipanda, uwezekano unaongezeka na lazima auze zaidi. Ikishuka, unapungua na lazima anunue arudishe. Hana maoni juu ya kampuni. Anafuata hesabu ya kinga yake, na hesabu hiyo humfanya auze kwenye kupanda na anunue kwenye kushuka.

Nguvu hii hubadilika kadiri siku ya mwisho inavyokaribia. Kwa kanuni za kawaida za kuthamini opsheni, zikibaki siku tano, hisa ikitoka 100 kwenda 101 mtengeneza soko huyu anahitaji kuuza hisa zipatazo 177,000. Ikibaki siku moja, kwa mwendo uleule wa dola moja, anahitaji kuuza kama 383,000. Ikibaki nusu saa tu, anahitaji kuuza kama 928,000. Mikataba ni ileile na mtu ni yuleyule, lakini muda uliobaki umefupika na kila senti inayovuka mia ina uzito mkubwa zaidi kuliko ilivyokuwa Jumatatu.

Kipo kitu kingine kinachosahaulika mara nyingi, nami nadhani ndicho kiini cha jambo hili. Bei haihitaji kusogea ili kinga isogee. Chukua hisa hiyohiyo ikiwa dola 100.50 Alhamisi jioni. Ikibaki siku moja, kinga inayofaa ni kama hisa milioni 1.2 zilizouzwa. Sasa ifikirie Ijumaa, nusu saa kabla ya kufunga, ikiwa bado dola 100.50. Muda wa bei kurudi chini ya mia umekwisha karibu wote, opsheni ina uhakika mkubwa zaidi wa kuishia na thamani, na kinga inayofaa imefika kama hisa milioni 1.63. Mtengeneza soko amelazimika kuuza hisa takriban 434,000 wakati bei imesimama palepale, kwa sababu ya saa kupita tu. Kama bei ingekuwa dola 99.50, angelazimika kununua idadi hiyohiyo. Juu ya mia kuna muuzaji asiyechoka, chini ya mia kuna mnunuzi asiyechoka, na wote wawili ni mtu mmoja. Marco Avellaneda na Michael Lipkin walilieleza jambo hili kihesabu mwaka 2003, na sijaona maelezo bora zaidi ya kwa nini bei hunaswa.

Kwa nini namba za mviringo? Sababu yake ni ya kawaida kabisa. Mikataba ya muda mrefu, ile inayoandikwa mwaka mmoja au miwili kabla, hufunguliwa kwa bei chache zilizoachana: 90, 100, 110. Bei za katikati kama 97 au 103 huongezwa baadaye, siku ya mwisho ikishakaribia. Mia inakuwa imekusanya mikataba kwa miezi mingi kabla jirani zake hazijazaliwa. Ongeza na mazoea ya watu kupenda namba rahisi, na utaona kwa nini rundo liko hapo.

Lakini ukubwa wa athari usizidishwe. Sophie Ni, Neil Pearson na Allen Poteshman walichapisha mwaka 2005 utafiti uliopitia hisa za Marekani zenye opsheni. Waligundua kwamba siku ya opsheni kuisha muda, bei za kufunga hujikusanya karibu na bei za mikataba kuliko siku nyingine, na kwamba hisa zisizo na opsheni hazifanyi hivyo. Athari yenyewe waliikadiria kuwa, kwa wastani, angalau asilimia 0.165 ya bei. Kwa hisa ya dola 100 hizo ni senti 16 na nusu. Hilo ndilo jambo lililothibitishwa: msukumo mdogo, unaotosha kuivuta hisa kutoka 100.20 hadi 100.05. Hakuna mahali utafiti huo unaposema kwamba rundo la mikataba litaivuta hisa kutoka 108 hadi 100. Tena waliona kwamba sehemu ya athari ilitokana na kinga za watengeneza soko, na sehemu nyingine ilielekea kutokana na kampuni za biashara ya hisa zilizokuwa zikisukuma bei kwa makusudi ili opsheni zilizouza zife bila thamani.

Rundo halisemi ni la nani

Yote niliyoeleza yanategemea sharti moja: watengeneza soko wawe wamenunua opsheni. Wakiwa wameziuza, kila kitu kinageuka. Aliyeuza opsheni za kununua hujikinga kwa kununua hisa bei inapopanda na kuziuza inaposhuka. Hapo hainaswi bei yoyote. Mia inakuwa mahali bei inapofukuzwa, kwa nguvu ileile ambayo ingeivuta.

Takwimu za mikataba iliyo wazi, zile zinazoonekana bure kwenye kila programu ya simu, hazisemi nani amenunua na nani ameuza. Kila mkataba una pande mbili, na takwimu inaonyesha jumla tu. Isitoshe, husasishwa asubuhi ya siku inayofuata, kwa hiyo Ijumaa mchana unaangalia picha ya Alhamisi jioni huku watu wakifunga mikataba yao kwa maelfu. Zile chati zinazodai kuonyesha bei ambayo wanunuzi wa opsheni wataumia zaidi, kisha zikahitimisha kwamba bei lazima iende huko, zimejengwa juu ya dhana kwamba wauzaji wote ni watengeneza soko, na kwamba wanaweza na wanataka kuisukuma bei. Dhana hiyo mara nyingi si kweli, na mimi sioni sababu ya mtu kuweka fedha zake juu yake.

Hata hivyo bei inayonaswa hujionyesha yenyewe ukiitazama wiki nzima. Tofauti kati ya bei ya juu na ya chini ya kila siku inapungua kuanzia Jumatano. Bei inavuka mia mara kadhaa na kurudi, badala ya kuigusa mara moja na kuondoka. Habari ndogo ambayo wiki nyingine ingeisogeza dola mbili inaisogeza nusu dola, kisha inarudi. Ukiona kinyume chake, yaani bei inavuka mia na kuongeza kasi, wenye mikataba ile si wale uliowadhania. Na katika hali zote mbili ulinganishe hisa 434,000 za mfano wetu na hisa zinazouzwa kwa siku. Kwa kampuni ambayo hisa milioni 3 hubadilishana mikono kila siku, hiyo ni nguvu ya kweli. Kwa kampuni ambayo hisa milioni 60 hubadilishana mikono, haisikiki.

Mnunuzi asiyeuliza bei

Sasa njoo upande wa pili. Mfuko wa fahirisi una ahadi moja kwa wenye akiba: kupata kile kile ambacho fahirisi imepata. Fahirisi hubadilisha orodha na uzito wake kwa bei ya kufunga ya Ijumaa. Mfuko ukinunua saa nne asubuhi kwa bei nafuu, umepata bahati lakini umekiuka kazi yake. Ukinunua kwa bei ya kufunga, hata ikiwa ghali kiasi gani, umefanya kazi kikamilifu. Ndiyo maana amri zake nyingi huingia kwenye mnada wa kufunga, ule mnada mmoja unaokusanya wanunuzi na wauzaji wote na kutoa bei moja saa kumi kamili jioni, saa za New York.

Tuupe mfano wetu fahirisi. Kampuni ina hisa milioni 200, na tuseme mifuko inayofuata fahirisi inashikilia asilimia 20 ya hisa hizo. Katika robo mwaka iliyopita kampuni imetoa hisa mpya kidogo kidogo, kwa wafanyakazi na kwa ununuzi wa kampuni nyingine, hadi kufikia ongezeko la asilimia 3, yaani hisa milioni 6. Fahirisi itaandika idadi mpya, na mifuko italazimika kuwa na asilimia 20 ya nyongeza hiyo. Hizo ni hisa milioni 1.2 za kununuliwa mwishoni mwa Ijumaa.

Bei iko dola 100.50 na imebaki nusu saa. Mtengeneza soko ameshauza hisa milioni 1.63 kati ya milioni 2 zake. Amebakiwa na hisa 368,000 tu za kuuza kabla kinga yake haijakamilika. Akishaziuza, kila opsheni yake ina hisa yake na hana tena sababu ya kuuza hata moja. Mifuko inataka milioni 1.2. Muuzaji aliyeishikilia bei wiki nzima amekwisha kabla hata theluthi ya mahitaji haijatimizwa, na hisa 832,000 zilizobaki lazima zitafutiwe muuzaji mwingine, ambaye huenda akataka 101 au 102. Kila aliyeandika wiki nzima kwamba mia haitavunjwa alikuwa sahihi hadi saa tisa na nusu, kisha akakosea kwa dakika thelathini zilizokuwa muhimu.

Kampuni hiyo ingekuwa imenunua na kufuta hisa zake kwa asilimia 1, mifuko ingeuza hisa 400,000, na hapo nguvu mbili zingesukuma upande mmoja. Mtu angeiona hisa ikiteremka kutoka 100.50 hadi karibu na mia katika dakika za mwisho na kusema opsheni zimeivuta, ilhali nusu ya kazi au zaidi ingekuwa imefanywa na mifuko. Na kampuni hiyo ingekuwa inaingia kwenye fahirisi kwa mara ya kwanza, mifuko ingehitaji hisa milioni 40. Mbele ya namba hiyo, mikataba 20,000 ya opsheni haina la kusema.

Kuna mipaka ya hesabu hii. Mabadiliko ya fahirisi hutangazwa kabla, kwa kawaida wiki mbili hivi, na wapo wanaonunua mapema ili waiuzie mifuko Ijumaa jioni. Wakiwa wengi mno, mnada unaweza kufika na wauzaji wengi kuliko wanunuzi, na bei ikashuka siku ambayo kila mtu aliitarajia ipande. Kwa hiyo ukijua kwamba mifuko itanunua milioni 1.2, umejua upande mmoja tu. Upande wa pili unaanza kuonekana saa kumi kasoro dakika kumi, ambapo soko la NYSE na la Nasdaq huanza kutangaza ni upande gani umezidi kwenye amri za kufunga, na kwa hisa ngapi. Nasdaq hutoa picha kamili zaidi saa kumi kasoro dakika tano. Takwimu hiyo moja ya dakika za mwisho ina thamani kuliko chati zote za mikataba iliyo wazi za wiki nzima, kwa sababu inahesabu hisa na inaonyesha upande.

Jambo jingine la muda. Opsheni za kila mwezi za hisa mojamoja hufa kwa bei ya kufunga ya Ijumaa, saa ileile mifuko inapofanya kazi yake. Lakini opsheni za zamani za kila mwezi za fahirisi yenyewe, zinazojulikana kwa alama ya SPX, hulipwa kwa bei za kufungulia Ijumaa asubuhi, na siku ya mwisho kuziuza ni Alhamisi. Utaratibu wa asubuhi ulianza mwaka 1987, baada ya malalamiko ya muda mrefu kwamba bei ziliyumba sana kwenye saa ya mwisho. Kwa hiyo anayesema kwamba rundo la SPX kwenye namba fulani litaishikilia fahirisi hadi Ijumaa jioni anaitegemea nguvu ambayo sehemu yake kubwa ilishazikwa tangu asubuhi.

Tesla, 18 Desemba 2020

Tarehe 16 Novemba 2020, S&P ilitangaza kwamba Tesla itaingia kwenye fahirisi ya 500. Siku hiyo hisa ilifunga dola 408.09. Haikuwahi kuingia kampuni kubwa kiasi hicho kwa mara moja, na makadirio ya katikati ya Desemba yalisema mifuko italazimika kununua hisa za zaidi ya dola bilioni 80. Kuingia kulipangwa kabla ya soko kufunguka Jumatatu tarehe 21 Desemba, maana yake mifuko ingenunua kwa bei ya kufunga ya Ijumaa tarehe 18, siku ya opsheni kuisha muda.

Alhamisi Tesla ilifunga dola 655.90. Ijumaa ilishuka hadi 628 na kitu, ikapanda, na ikafunga dola 695.00 kamili. Zaidi ya hisa milioni 200 zilibadilishana mikono siku hiyo. Na 695 ilikuwa bei ya mkataba.

Wapo walioiona namba hiyo na kusema hisa ilinaswa. Mimi nakataa, na ushahidi uko kwenye namba zenyewe. Bei iliyonaswa hubanwa. Hii ilitembea zaidi ya dola 66 kati ya chini na juu. Bei iliyonaswa hulizunguka rundo lake, ikivuka na kurudi. Hapa bei ya juu kabisa ya siku nzima na bei ya kufunga ni ileile, 695.00, kwa hiyo hakuna hata mara moja ambapo bei ilipita juu ya 695 ikavutwa kurudi chini. Ilifika pale ikitokea chini, ikaishia pale. Kilichofanya kazi ni mnada: wanunuzi wasiouliza bei walipanda ngazi ya wauzaji hadi walipowapata wa kutosha. Wauzaji walioweka amri zenye kikomo huandika namba kamili kama 690, 695 na 700, kwa hiyo mnada unaotafuta hisa nyingi kwa nguvu una kila sababu ya kusimama kwenye namba ya namna hiyo. Ndivyo ninavyoisoma 695. Namba ya mviringo inaweza kutoka kwenye mnada bila opsheni kuhusika kabisa, na anayeangalia bei ya kufunga peke yake hawezi kutofautisha.

Namba hiyo iliacha mtego kwa waliouza opsheni. Mfikirie aliyeuza opsheni moja ya kuuza, ile inayompa mwenye nayo haki ya kuuza hisa 100, yenye bei ya mkataba ya 695. Kengele imelia, hisa ni 695.00, opsheni haina thamani hata ya senti moja. Taasisi inayosimamia mikataba yote ya opsheni Marekani, OCC, hutekeleza yenyewe mikataba iliyo na faida ya senti moja au zaidi, na huu hauna. Muuzaji anaona amemaliza salama. Lakini mwenye opsheni bado ana hadi saa kumi na moja na nusu jioni kutoa amri ya kuitekeleza, na hisa zinaendelea kuuzwa baada ya kengele. Akiona zinauzwa chini ya 695, ananunua hisa 100 kwa bei hiyo na kumuuzia muuzaji wa opsheni kwa 695. Muuzaji anaamka mwishoni mwa wiki akiwa na hisa 100 za Tesla ambazo hakuzitaka, na soko limefungwa hadi Jumatatu.

Jumatatu Tesla ilifunguka dola 666.24, ikafunga 649.86. Aliyezipokea hisa hizo kwa 695 na kuziuza kwenye kufungua alipoteza dola 2,876 kwa mkataba mmoja. Aliyesubiri hadi jioni alipoteza dola 4,514. Wote wawili walikuwa wameuza opsheni iliyokufa ikiwa na thamani ya sifuri. Kwa sababu hii nawaambia wanaouza opsheni wiki kama hizi: bei ikiwa karibu na mkataba wako dakika za mwisho, na kampuni ina mabadiliko ya fahirisi, lipa hizo senti chache uufunge mkataba. Malipo uliyopokea hayakuhesabu mnunuzi asiyeuliza bei.

Waliolipa zaidi, hata hivyo, hawakuwa wauza opsheni. Walikuwa wenye akiba za uzeeni ndani ya mifuko ya fahirisi, walionunuliwa Tesla kwa 695 ilhali siku ya tangazo ilikuwa 408, ongezeko la asilimia 70. Hawakuiona gharama hiyo kwenye taarifa zao. Fahirisi nayo iliandika Tesla kwa 695, kwa hiyo mfuko uliolipa 695 ulionekana umefanya kazi bila dosari, na Jumatatu fahirisi na mfuko vilishuka pamoja bila tofauti kati yao kuonekana. Tesla iliendelea kupanda wiki zilizofuata, hilo ni kweli, lakini halifuti swali la kwa nini ununuzi wote ulikusanywa kwenye mnada mmoja.

S&P yenyewe iliona ugumu huo. Baada ya tangazo la Novemba iliwauliza wawekezaji kama Tesla iingizwe mara moja au kwa awamu mbili, na tarehe 30 Novemba ikaamua mara moja. Hoja ya wanaounga mkono uamuzi huo inaeleweka: Ijumaa ya tatu ya Desemba ndiyo siku yenye wanunuzi na wauzaji wengi kuliko karibu zote za mwaka, na opsheni zinazoisha huleta hisa sokoni. Kwa kampuni ya kawaida nakubaliana nayo. Kwa hisa milioni 1.2 au hata milioni 5, wingi wa siku hiyo unameza kila kitu. Kwa Tesla ilikuwa kinyume. Wingi wa siku ulitegemewa kupokea ununuzi ambao wenyewe ndio ulikuwa sehemu kubwa ya wingi huo, na hisa zilizoletwa na opsheni zilikuwa na mwisho kama zile 368,000 za mfano wetu. Awamu mbili zingeukata kati ununuzi wa kila mnada, zingewapa wauzaji muda wa kujitokeza kati ya awamu, na zingeuondoa angalau nusu ya ununuzi kwenye saa ile ambayo maelfu ya mikataba ilikuwa ikihesabiwa kwa bei moja ya mwisho. Kampuni nyingine kubwa namna ile zitakuja, kwa kuwa kampuni sasa hukaa binafsi muda mrefu na kukua sana kabla ya kuingia sokoni, na zikifika S&P itakuwa na uamuzi uleule wa kufanya.